Nyumbu wakivuka Mto Mara: namna ya kupanga tarehe ukitokea Dodoma

Mtu wa Dodoma anayepanga kwenda Serengeti huanza na kosa moja la asili kabisa: anaipima mvua ya kule kwa mvua ya kwake. Hapa tuna msimu mmoja. Mvua huanza Novemba au Desemba, ikaisha Aprili, na kuanzia Juni hadi Septemba hatuoni tone. Kwa hiyo akiambiwa "njoo wakati wa kiangazi," anafikiri mwezi wowote wa kiangazi ni sawa, nyumbu watakuwa mtoni wakimsubiri.

Kaskazini ya Serengeti haifanyi hivyo. Eneo la Kogatende, Mto Mara unapopita, hupata mvua ya radi za mchana hata Julai na Agosti, kwa sababu liko karibu na Ziwa Viktoria. Kwa mwaka mzima upande huo hupata takriban milimita 1,000 au zaidi, wakati nyanda za kusini mashariki, kuelekea Olduvai, hupata karibu nusu ya hizo, kiasi kisichotofautiana sana na cha Dodoma. Tofauti hiyo ndiyo inayowahamisha nyumbu zaidi ya milioni moja pamoja na pundamilia na swala tomi. Kusini kuna nyasi fupi zenye madini mengi lakini maji hukauka. Kaskazini nyasi ni ndefu na lishe yake ni hafifu, ila maji hayakatiki. Mvua ikinyesha kusini wanashuka, kusini kukikauka wanapanda, na wakiwa kaskazini huenda na kurudi wakifuata wingu lililonyesha juzi.

Mwongozo huu unahusu kipande kimoja tu cha mzunguko huo, yaani kuvuka Mto Mara ndani ya Tanzania, kwa anayetoka Dodoma au mikoa ya jirani kwa barabara.

Hatua ya kwanza: jua kinachotokea lini, na usichanganye mito

Kwa ufupi, mwaka unakwenda hivi. Desemba hadi Machi makundi yako kusini, kati ya Ndutu na nyanda za mpakani na Ngorongoro, na ndama wengi huzaliwa kuanzia mwisho wa Januari hadi Februari. Aprili na Mei, masika ikiendelea, wanasogea kaskazini magharibi kupitia Moru na Seronera. Mwisho wa Mei na Juni wengi wako ukanda wa magharibi, kwenye Mto Grumeti. Julai wanafika Kogatende, wanakaa huko hadi Oktoba, na mwishoni mwa Oktoba na Novemba wanateremka tena kusini kwa mvua za vuli.

Kuna mito miwili hapo, na mchanganyiko wake huwagharimu watu. Grumeti wakati wa Juni mara nyingi ni mfululizo wa madimbwi marefu kuliko mto unaokwenda kasi. Nyumbu wanaweza kuuvuka sehemu kavu bila kishindo chochote. Ana bahati anayekuta kundi kubwa likivuka mbele ya mamba, lakini asipange safari nzima kwa tegemeo hilo. Picha zinazosambaa kwenye simu, za nyumbu wakirukia maji kutoka kwenye gema refu, nyingi zimepigwa Mto Mara.

Jambo jingine: kuvuka Mara si kuvuka mpaka. Mto huo unaingia Tanzania kutoka Kenya na kuelekea magharibi hadi Ziwa Viktoria, na upande wake wa kaskazini bado kuna kipande cha Serengeti kinachoitwa Lamai. Nyumbu wanaovuka Kogatende wanatoka Serengeti kwenda Serengeti. Ndiyo maana huvuka na kurudi. Kundi lililokwenda Lamai Jumatatu linaweza kurudi kusini ya mto Alhamisi kwa sababu mvua imenyesha upande huo. Anayedhani kwamba kuvuka ni tukio moja la Julai, likipita limepita, anakosa nafasi nzuri za Septemba na Oktoba.

Hatua ya pili: pima miezi minne kwa mizani moja

Hakuna tarehe ya kuvuka. Hakuna anayeijua, na kampuni inayokuuzia "siku ya kuvuka" inakuuzia upepo. Unachoweza kuchagua ni kipindi, kisha ukajipa siku za kutosha ndani yake.

Julai ni mwezi wa kufika. Miaka ambayo kusini hukauka mapema, makundi ya mbele hufika mtoni mwanzoni mwa Julai, pengine hata mwisho wa Juni. Miaka ambayo masika huchelewa kuisha, wanajivuta magharibi na katikati ya hifadhi, na unaweza kufika Kogatende tarehe 10 Julai ukakuta nyasi ndefu na tembo tu. Kuanzia tarehe 20 hivi hatari hiyo inapungua sana.

Agosti makundi yapo, mto una shughuli, na wageni kutoka Ulaya na Amerika wako likizo. Huu ndio mwezi wa msongamano. Kivuko kimoja kinaweza kuwa na magari kadhaa yaliyopangana, na taarifa ikirushwa kwenye redio ya magari, mengine yanamiminika. Tatizo lake si usumbufu wa macho peke yake: magari yanayosogea hadi ukingoni hufunga njia ya kushukia, nyumbu wakageuka. Julai 2025 ilisambaa video ya wageni walioshuka magarini na kujipanga kwenye njia ya nyumbu pale Mara, na wengi waliona kwa mara ya kwanza tatizo lilivyo kubwa. Vitanda navyo Agosti ni haba, na bei iko juu kabisa.

Septemba, hasa kuanzia katikati, ni kipindi tunachokipendekeza kwa mtu asiyebanwa na ratiba. Wageni wa likizo ndefu za Ulaya wamerudi makwao, makundi bado yako pande zote mbili za mto, na njia kwa kawaida bado ni kavu. Baadhi ya kambi huanza kutoa nafasi zilizobaki kwa bei ya kujadiliana.

Oktoba ni ya mtu anayekubali kucheza na mvua. Nusu ya kwanza inaweza kuwa nzuri mno: kundi linarudi kusini kwa wingi, magari ni machache. Nusu ya pili inategemea vuli imeanza lini. Ikianza mapema, makundi yanaweza kuondoka kwa siku chache, na huwezi kuyafukuzia kwa sababu udongo mweusi wa kule, kama mbuga tunazozijua za Bahi, ukilowa hushika tairi hadi kwenye ekseli.

Kipimo kingine cha Oktoba ni kambi zenyewe. Kambi nyingi za mahema huko kaskazini ni za kuhamahama. Hukaa Kogatende kuanzia Juni au Julai hadi Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kisha zinavunjwa na kupelekwa Ndutu kusubiri msimu wa kuzaa. Uliza tarehe ya kuvunja kambi kabla hujalipa. Kambi inayofungwa tarehe 31 Oktoba huanza kupunguza watumishi na vifaa siku kadhaa kabla.

Hatua ya tatu: soma utabiri sahihi

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, kabla msimu haujaanza. Pia hutoa mwelekeo wa mvua za msimu kwa mikoa yenye msimu mmoja, na huo ndio wenye Dodoma na Singida. Mkazi wa hapa amezoea kuusoma huu wa pili, kwa sababu ndio unaomhusu shambani. Kwa safari ya Serengeti auweke pembeni. Asome ule wa vuli, na atazame Mara, Simiyu, Mwanza na Arusha.

Ukiambiwa kwamba vuli itawahi na itakuwa juu ya wastani katika Mara, wahisha safari iwe Septemba. Ukiambiwa itachelewa, wiki mbili za kwanza za Oktoba zinakuwa salama zaidi, na pengine zenye magari machache kuliko wakati wowote wa msimu.

Siku kumi kabla ya kuondoka, achana na mwelekeo wa msimu na uulize watu walioko kule. Piga simu kambini kwako au kwa dereva anayefanya kazi Kogatende wiki hiyo, na umuulize maswali matatu. Kundi kubwa liko upande gani wa mto? Limekaa upande huo kwa siku ngapi? Upande wa pili mvua imenyesha lini mara ya mwisho? Swali la "je, wanavuka?" halina faida, kwa sababu jibu la leo haliifikii wiki ijayo. Lakini ukisikia kwamba kundi limekaa Lamai kwa wiki nzima, nyasi zimekwisha, na juzi mvua kubwa imenyesha kusini ya mto, hapo una sababu ya kutumaini.

Kuna mvua moja isiyoonekana ukiwa Kogatende. Maji ya Mara hutoka kwenye nyanda za juu za Mau huko Kenya. Ikinyesha sana kule, mto unajaa hapa chini ya anga safi. Mto ukijaa, nyumbu husitasita zaidi, na wakivuka hufa wengi. Watafiti waliochunguza mto huo mwaka 2001 hadi 2015 walikadiria kwamba kwa wastani zaidi ya nyumbu 6,000 hufa maji kwa mwaka. Kwa hiyo ukisikia "maji ni mengi," jiandae kungoja zaidi, na fahamu pia kwamba utakachokiona kinaweza kuwa kizito kwa watoto wadogo.

Hatua ya nne: pigania usiku tatu karibu na mto

Kama fedha au likizo ni finyu, punguza mahali pengine popote, usipunguze Kogatende. Usiku mmoja ni kubahatisha. Usiku mbili unakupa siku moja kamili. Usiku tatu unakupa mchana wa kufika, siku mbili kamili na asubuhi ya kuondoka, na hicho ndicho kiwango ambacho chini yake tunamshauri mtu abadili lengo la safari. Sababu ni tabia ya nyumbu wenyewe: kundi hujikusanya siku ya kwanza likaondoka bila kuvuka, siku ya pili likapotelea kwenye nyasi, siku ya tatu likarudi kivuko kingine.

Unapotafuta malazi, usitosheke na maneno "Serengeti Kaskazini." Kambi zilizoko Lobo, au nje ya lango la Klein, nazo huuzwa kwa jina hilo, na kutoka huko hadi mtoni ni safari ya saa moja na nusu au zaidi kwa upande mmoja. Uliza swali moja lisilokwepeka: kutoka kwenye hema hadi kivuko cha karibu ni dakika ngapi kwa gari? Dakika 20 hadi 40 ni sawa. Ukijibiwa "inategemea," endelea kutafuta.

Kambi nzuri za Julai hadi Septemba hujaa mapema, nyingi miezi tisa hadi mwaka kabla. Mwenye kulenga Agosti au mwanzoni mwa Septemba aweke nafasi kufikia Novemba ya mwaka uliotangulia. Wa mwisho wa Septemba au Oktoba anaweza kupata miezi mitatu au minne kabla. Uliza pia bei ya Mtanzania. Kambi nyingi wanayo lakini haiandikwi kwenye tangazo.

Njia ya bei nafuu ni hema lako mwenyewe. Hifadhi ina kambi za umma, ambako mnatumia jiko na vyoo pamoja na wengine, na kambi maalumu, ambazo hukodishwa kwa kundi moja na hazina huduma, hivyo unabeba maji na kuni au gesi yako. Kambi maalumu za kaskazini huwahiwa na kampuni za utalii, kwa hiyo uliza TANAPA mapema. Kambi za umma za Seronera, kama Pimbi, Nguchiro na Ngiri, ni nzuri kwa usiku wa njiani. Kukaa Seronera na kwenda mtoni asubuhi na kurudi jioni hakuwezekani kwa maana ya kuona chochote: ni saa nne au tano kwenda, na hizohizo kurudi, na huruhusiwi kuendesha hifadhini usiku.

Hatua ya tano: panga njia na saa

Tuchukue mfano. Watu wazima wanne wanaofanya kazi Mtumba, na watoto wawili wa shule, wana siku kumi za likizo. Watoto wanawabana: wana likizo ya Juni, likizo fupi ambayo mara nyingi huwa Septemba, na ile ya Desemba. Juni ni mapema kwa Mara. Desemba makundi yako kusini. Wikiendi ya Nane Nane haitoshi, kwa sababu kwenda peke yake ni siku mbili na nusu. Inabaki Septemba. Wanathibitisha tarehe kwenye kalenda ya shule ya mwaka huo, kisha wanaweka nafasi kambini mwaka mzima kabla.

Siku ya kwanza wanaondoka Dodoma saa 12 asubuhi. Lami inakwenda Kondoa, Babati, Makuyuni, Mto wa Mbu hadi Karatu, kama kilomita 400. Barabara ni nzuri, lakini vijiji ni vingi na alama za kilomita 50 kwa saa ni nyingi, pamoja na askari wanaozisimamia. Wahesabu saa saba hadi nane na chakula cha mchana Babati. Karatu wanajaza mafuta. Tukijumlisha Karatu hadi Kogatende, kurudi, na mizunguko ya siku nne, ni karibu kilomita 850. Landikruza iliyojaa, kwenye njia ya changarawe, huenda kilomita tano kwa lita moja, hivyo ni lita 170. Gari lenye matangi mawili ya lita 90 linatosha kwa shida, kwa hiyo waongeze mafuta Seronera, hata kama bei yake iko juu.

Jioni hiyo Karatu wakamilishe malipo yote. Malango hayapokei fedha taslimu: unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa benki au simu, kisha unaingia. Mtandao ukisumbua langoni, foleni yako inakuwa ndefu. Raia wa Tanzania abebe kitambulisho cha taifa, maana bila hicho hakuna cha kuthibitisha kwamba anastahili kiwango cha shilingi. Watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa au nakala zake.

Siku ya pili, saa 1 asubuhi, wako lango la Lodoare. Hapa wengi hushangaa: hata kama hushuki kreta, unalipa Ngorongoro kwa kupita tu, na utalipa tena ukirudi. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Septemba asubuhi kuna ukungu na baridi isiyofanana na ya Dodoma hata ya Julai. Masweta yawe mkononi, si chini ya mizigo. Kutoka Lodoare hadi Naabi, lango la Serengeti, ni saa mbili na nusu hadi tatu kwenye changarawe yenye mawimbi yanayolegeza nati na kupasua tairi kuukuu. Tairi za akiba ziwe mbili.

Naabi ndipo hesabu inapoanza. Kiingilio cha Serengeti huhesabiwa kwa saa 24 tangu muda ulioandikwa langoni. Wakiingia saa 5 asubuhi siku ya pili, na wamelipia siku tano, wanatakiwa kutoka ifikapo saa 5 asubuhi siku ya saba. Wakitoka saa 7 mchana watadaiwa siku nyingine. Kwa hiyo saa ya kuingia ni saa ya kutoka: ukiingia asubuhi mno, siku ya kurudi utalazimika kukimbia.

Usiku huo wanalala Seronera. Siku ya tatu wanaondoka saa 1 asubuhi na kufika Kogatende mchana. Njiani wanapita mapori yenye mbung'o wengi, wale wengi wetu tunaowaita ndorobo. Hao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo nguo ziwe kaki au kijani kilichopauka, na vioo vifungwe kwenye vichaka. Usiku wa tatu, wa nne na wa tano wanalala hapo. Siku ya sita asubuhi bado wana saa chache mtoni, kisha wanarudi Seronera.

Asiyebanwa na mto Mara, akataka Juni na watoto, ana njia nyingine nzuri ambayo watu wa kati wanaisahau: Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, Bariadi hadi Lamadi, yote lami, kisha lango la Ndabaka. Ni zaidi ya kilomita 700, hivyo walale Shinyanga au Bariadi. Inakuingiza moja kwa moja ukanda wa magharibi bila kulipia Ngorongoro. Tatizo lake ni udongo mweusi baada ya lango. Mvua ikiwa imenyesha ndani ya siku mbili zilizopita, uliza askari wa langoni kabla hujaingia.

Hatua ya sita: mtoni, jifunze kungoja vizuri

Madereva wa Kogatende hutaja vivuko kwa namba. Usimng'ang'anize dereva akupeleke namba uliyoisikia kwa rafiki. Kivuko kilichotumika jana kinaweza kuachwa wiki nzima.

Kuvuka kwingi huonekana jua likishapanda, kuanzia saa 3 au 4 asubuhi hadi alasiri, ingawa si sheria. Kwa hiyo ondoka kambini na chakula cha mchana kwenye gari. Wanaorudi kambini kula saa 7 ndio wanaosimuliwa.

Dalili zinakwenda hivi. Mistari ya nyumbu inashuka kutoka mbali, vumbi linainuka, kundi linazidi kubanana karibu na gema. Wa mbele wanashuka, wanakunywa, wanashtuka, wanarudi juu. Hilo linaweza kujirudia kwa saa nzima au tatu. Wa nyuma wakiendelea kusukuma, na sauti za kundi zikizidi, subiri. Lakini ukiona wa mbele wamegeuza vichwa kutoka mtoni na kuanza kula, na wengine wamelala chini, kundi limeahirisha. Hapo ni halali kwenda kutafuta jingine, au kuzunguka miamba ya Wogakuria ambako mara nyingi kuna makundi yanayolisha na simba wanaoyafuatilia.

Gari likae nyuma, mbali na gema, kwenye kivuli au nyuma ya kichaka, injini imezimwa, mpaka wa kwanza kadhaa waingie majini na wengine wawafuate. Mnyororo ukishaanza, hausimami kirahisi, na ndipo dereva anaposogea taratibu. Gari likisogea kabla, nyumbu wa mbele anaona kitu kigeni juu ya njia yake na anarudi na wote walio nyuma. Zungumza na dereva wako jambo hili usiku uliotangulia, mkiwa mmetulia: mwambie kwamba hamtamlaumu mkikosa nafasi ya mbele. Madereva wengi huvunja utaratibu kwa hofu ya wageni wao. Na hakuna kushuka garini ukingoni, hata kwa haja ndogo. Nenda kabla.

Kuvuka kukianza kunaweza kuisha kwa dakika kumi au kuendelea zaidi ya saa. Piga picha za dakika za mwanzo, kisha tazama upande wa kutokea. Mahali pa kutokea pakiwa na gema kali au utelezi, wanajazana, wa nyuma wanawapanda wa mbele, na wengi hufa hapo kuliko wanaokamatwa na mamba.

Siku ya sita, ukitaka kuongeza saa mbili mtoni, jiulize kwanza ni saa ngapi iliyoandikwa ulipoingia Naabi. Kutoka Kogatende hadi Seronera ni lazima ufike kabla ya giza, hivyo saa 6 mchana ndiyo mwisho wa kuondoka. Kesho yake, kutoka Seronera hadi Naabi ni kama saa moja na nusu, na foleni ya kutoka langoni inaweza kula nusu saa. Ondoka kambini saa 2 asubuhi, ukiwa umekunja hema usiku uliotangulia isipokuwa lile la kulalia, na utakuwa Babati kabla jua halijazama.